"Inadaiwa" haikukingi

"Mwalimu, si nimeandika 'inadaiwa'? Basi siwezi kushtakiwa kwa kashfa."

Unaweza, tena vizuri tu. Kwa sheria ya kashfa, anayerudia uvumi hubeba mzigo wake kana kwamba ameuanzisha yeye. Chukua habari hii: "Inadaiwa diwani ameuza saruji ya shule." Ukifikishwa mahakamani Dar es Salaam, haitatosha kuthibitisha kwamba fundi fulani alikuambia hivyo. Utatakiwa kuthibitisha kwamba saruji iliuzwa, na aliyeiuza ni diwani: stakabadhi, daftari la stoo, shahidi aliye tayari kusimama kizimbani. Fundi huyo, kwa kawaida, siku hiyo simu yake haipatikani.

Sasa diwani ameshtakiwa. Hapo unaruhusiwa kuandika hata tuhuma nzito, kwa sababu taarifa ya haki na sahihi ya kesi inayosikilizwa hadharani ina kinga. Lakini andika "anashtakiwa kwa wizi". Ukimwita "mwizi" kabla ya hukumu umeitoka kinga, na ukichapisha jambo la kuielemeza kesi upande mmoja, kifungu cha 114 cha Kanuni ya Adhabu kinakusubiri kwa kosa la kudharau mahakama.

Na haki ya kujibu? Mpigie kabla ya kuchapa, mpe muda wa kutosha, chapa jibu lake. Dakika tano saa tatu usiku si nafasi, ni kiini macho. Jibu lake linaweza kupunguza fidia. Haliufanyi uongo kuwa kweli.