Kwa nini saini na kosaini zikijumlishwa huzaa kosaini moja?

“Mwalimu, nikipewa a sin x + b cos x = c, kwa nini nihangaike kuibadili iwe kosaini moja? Si nipige tu mraba pande zote nimalize?” Swali la mwanafunzi wa kidato cha tano, Mikindani.

Twende ufukweni hapo hapo Mikindani. Tuchukulie kwamba leo kimo cha maji, kwa mita kutoka usawa wa kati, ni 0.9 sin x + 1.2 cos x. Tunaanza kuhesabu saa 12 asubuhi, x ikiwa sifuri, na nyuzi 360 zinatimia maji yakishajaa, yakapwa na kujaa tena, yaani kwa saa 12 na dakika 25. Kila nyuzi moja basi ni kama dakika 2.07. Dau lako linaelea maji yakiwa mita 0.6 au zaidi juu ya usawa huo. Litakaa mchangani saa ngapi, na litaelea tena saa ngapi?

Gawanya kila kitu kwa 0.3, unabaki na 3 sin x + 4 cos x = 2. Sasa chora pembetatu mraba yenye pande 3 na 4. Upande mrefu ni 5. Gawanya mlinganyo kwa hiyo 5:

(3/5) sin x + (4/5) cos x = 0.4

Tazama zile sehemu mbili. Ndani ya pembetatu yako ipo pembe, tuiite α, ambayo sin α ni 3/5 na cos α ni 4/5. Upande wa kushoto kumbe ni cos x cos α + sin x sin α, na huo ndio mtawanyo wa cos(x − α). Tulichofanya ni kuikunja kanuni ambayo darasani tumezoea kuikunjua. Kikokotoo kinatoa α = 36.87°, na kazi yote inabaki cos(x − 36.87°) = 0.4.

Pembe yenye kosaini 0.4 ni 66.42°, na hasi yake pia. Ongeza 36.87° kwa zote mbili: x = 103.29°, au x = −29.55°, ambayo katika mzunguko wetu ni 330.45°. Zigeuze kuwa muda. Maji yanajaa kabisa x ikiwa 36.87°, saa 1 na dakika 16 asubuhi, yakiwa mita 1.5. Dau linakaa mchangani saa 3 na dakika 34, na linaelea tena saa 11 na dakika 24 jioni. Haya yote yamesomeka kwenye kosaini moja: 5 ukiirudishia ile 0.3 inakupa kilele cha mita 1.5, α inakupa wakati wa kilele. Na kama dau lingehitaji mita 1.8, mlinganyo ungedai kosaini iwe 1.2, kitu kisichowezekana. Jibu halipo, na unalijua hilo kabla ya kukokotoa chochote.

Sasa piga mraba kama ulivyotaka. Kutoka 3 sin x = 2 − 4 cos x utapata 25 cos²x − 16 cos x − 5 = 0, na pembe nne: 29.55°, 103.29°, 256.71° na 330.45°. Rudisha 29.55° kwenye mlinganyo wa mwanzo: upande wa kushoto unatoa 4.96, si 2. Ile 256.71° inatoa −3.84. Mraba umefuta alama ya hasi, ukaingiza pembe mbili za uongo. Njia hiyo si haramu, ila ni lazima ujaribu kila jibu, na wengi husahau.

Kosaini moja nayo ina mtego wake, na nimeona wanafunzi hodari wakinaswa. Ukipewa 3 sin x − 4 cos x, kikokotoo kitakuambia α ni −36.87°. Lakini hapa cos α ni hasi na sin α ni chanya, kwa hiyo pembe iko robo ya pili: 143.13°. Angalia alama zote mbili, usitazame tanjenti peke yake.

Tena, hii inafanya kazi pale tu x ya saini na ya kosaini ni ile ile. Wimbi la mwezi huchukua saa 12 na dakika 25; la jua huchukua saa 12 kamili. Hayo mawili hayakunjiki kuwa kosaini moja yenye kilele kisichobadilika. Vilele vyao vinakutana, vinaachana, kisha vinakutana tena baada ya siku 15 hivi. Vikikutana, Mikindani wanapata bamvua. Vikiachana, maji mafu.