Kabla Hujarusha Majibu ya Maabara Kwenye Grupu

Mama mmoja alikuja dirisha la kumbukumbu za wagonjwa akiomba tumfutie picha. Alikuwa ameirusha kwenye grupu la WhatsApp: karatasi nzima ya majibu ya damu ya mwanawe, akiuliza kama wingi wa damu wa 7.8 ni wa kutisha. Picha ilishapakuliwa. Tulichoweza ni kukaa naye tukaipitia karatasi ile mstari kwa mstari.

Anayejibu swali lake anahitaji nini? Umri wa mtoto na jinsia, jina la kipimo, namba na kizio chake, pamoja na viwango vya kawaida vilivyochapwa pembeni. Hivyo viwango usiviache, kwani hutofautiana kati ya maabara na maabara. Tarehe kamili haina kazi hapo. "Wiki iliyopita" inatosha.

Jina na simu alikumbuka kuvifunika. Namba ya faili na bakodi iliyo juu ya karatasi hakuvigusa, na vyote viwili vinaelekeza kwenye faili lilelile. Tarehe yake mwenyewe ya kuzaliwa aliifuta, akaiacha namba yake ya NIDA, ambayo tarakimu zake 8 za mwanzo ndizo mwaka, mwezi na siku aliyozaliwa. Ni kazi bure.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni vifupisho. Anayeona "CTC" kwenye karatasi anajua mgonjwa anahudhuria kliniki ya VVU, hata kama neno hilo halijaandikwa popote. Msimbo B24 kwenye fomu ya bima unasema jambo hilohilo. Kifupisho usichokijua maana yake, kifunike.

Halafu namna ya kufunika. Jina alilipaka kwa kalamu ya kukolezea ya simu, ile yenye wino unaopitisha mwanga. Tuliongeza mwangaza wa picha na jina likasomeka. Kwenye PDF ni hatari zaidi: kiboksi cheusi mara nyingi kimewekwa juu tu, maandishi yapo chini yake, na mtu akiyanakili na kuyabandika kwingine yanatoka yote.

Hati za mahakama zina mtego wa aina hiyo. Ukifuta majina ukaacha namba ya shauri, na hukumu yenyewe imechapishwa kwenye tovuti ya hukumu ya TanzLII, atakayeitafuta namba hiyo atayakuta majina.

Kwa hiyo mimi huwashauri watu waache picha kabisa, waandike upya. Mama yule aliandika hivi, pale pale dirishani:

"Mtoto wa kike, miaka 4. Hb 7.8 g/dL, kawaida ya maabara ni 11.0 hadi 14.0. Kipimo cha wiki iliyopita."

Kabla hajatuma tukamwelekeza kwanza chumba cha daktari wa watoto, maana namba hiyo haikuwa ya kusubiri majibu ya grupu.