Taa ya kopo la oili: inasema nini, na uanze kukagua wapi

Mpwa wangu ananitumia picha ya ukurasa wa kitabu cha gari lake, Vitz iliyokuja na kitabu cha Kijapani. Amezungushia alama moja kwa kalamu: kopo lenye mdomo mrefu, tone likidondoka nchani. Chini yake ameandika: "Mjomba, hii si ni ya kukumbusha nimwage oili?"

Sivyo. Kopo jekundu linahusu presha ya oili, wala halihesabu kilomita tangu ulipomwaga oili ya zamani. Ndani ya injini kuna pampu inayosukuma oili hadi kwenye beringi za krenki, na presha hiyo ndiyo inayoweka utando mwembamba kati ya chuma na chuma. Presha ikishuka, swichi iliyofungwa kwenye bloku inawasha taa. Kwa hiyo taa inapowaka ukiwa njiani, vyuma vimeanza au vinakaribia kusagana, na dakika chache zinatosha kuua injini.

Rangi nayo iangaliwe vizuri, maana picha iliyopigwa usiku kwa mwanga wa simu huweza kulifanya la manjano lionekane jekundu. Kwenye baadhi ya magari kopo hilohilo likiwa la manjano linasema oili imepungua, ongeza mapema. Jekundu linasema zima.

Nilimwomba pia picha ya dashibodi yenyewe. Akaileta, kopo linawaka na betri inawaka. Nikamuuliza, "Ulipopiga, injini ilikuwa inanguruma?" Ilikuwa imezimwa, ufunguo uko ON. Hapo picha haikunisaidia kitu, kwa sababu ufunguo ukiwa ON kabla ya kuwasha, taa hizo mbili lazima ziwake, na injini ikiwaka zizimike ndani ya sekunde chache. Tena kopo lisipowaka kabisa ufunguo ukiwa ON, hilo nalo ni tatizo: huenda balbu au waya umekufa, na siku presha ikishuka hutaambiwa.

Basi nikamtaka anieleze mwenyewe. Taa ilikuwa inapepesa akisimama kwenye foleni, akikanyaga mafuta inapotea. Dalili hiyo wengi huidharau kwa kuwa taa "imezima yenyewe". Injini ikizunguka polepole pampu nayo inasukuma kidogo, na oili iliyopungua au iliyolainika kwa joto haifikishi presha inayotakiwa. Ukiongeza mzunguko, presha inapanda kiasi cha kuificha taa, lakini kasoro bado ipo.

Nilimpa mpangilio huu. Kwanza toa mguu kwenye mafuta, washa hazadi, sogea pembeni pa usalama, vuta handibreki, ndipo uzime injini. Usiizime gari likiwa bado linatembea, maana usukani na breki vitakuwa vizito mikononi mwako. Shuka utazame chini ya injini na barabara uliyotoka. Ukiona mstari wa oili mbichi, usiwashe tena, ita gari la kuvuta.

Kama hakuna kinachovuja, na gari liko kwenye usawa, subiri kama dakika tano oili ishuke kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini. Chomoa stiki ya kupimia oili, ifute kwa kitambaa, irudishe mpaka mwisho, ichomoe tena. Usomaji wa mara ya pili ndio wa kuamini. Oili iwe kati ya alama mbili, L na F. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia ndani, na hapo kuwasha ni kuharibu zaidi.

Stiki ya mpwa wangu ilikuwa na oili kidogo tu nchani, chini ya L. Akanunua ya daraja lililoandikwa kwenye kitabu chake, 5W-30, akatia nusu lita, akasubiri, akapima, akaongeza kidogo mpaka ikakaribia F bila kuipita, maana ikizidi sana krenki huipiga ikatoa povu, na povu halishiki presha. Akawasha. Taa ikazima upesi, injini haigongi. Nikamwambia aende polepole gereji ya karibu wakatafute oili ilikopotelea, na kila asubuhi apime stiki kabla ya kuwasha.

Kama stiki ingeonyesha oili ya kutosha na taa bado inawaka, ningemkataza kuondoka pale. Inawezekana ni swichi mbovu tu, kitu cha bei ndogo, lakini pia inawezekana ni pampu au chujio la sampu lililoziba, na kwa macho huwezi kutofautisha. Fundi afungue swichi, afunge geji ya presha kwenye tundu lilelile, awashe kwa muda mfupi na kusoma. Akikuambia ni swichi bila kupima kwa geji, anabahatisha kwa injini yako.