Dokezo kwenye grafu si sababu

Mtu akiniambia "nimeshaweka sababu kwenye grafu", namwomba anioneshe. Karibu kila mara ninachokikuta ni dokezo, tena mara nyingine limekaa tarehe isiyo yake.

Alama ya tukio ni mstari mwembamba wa wima unaochorwa kwenye tarehe fulani ya grafu ya mstari. Dokezo ni maneno machache kando yake yanayotaja kilichotokea siku hiyo. Maana imeishia hapo.

Shida iko kwenye neno lenyewe. Kudokeza ni kusema kidogo, ukamwachia msikiaji amalizie mwenyewe. Anayedokeza hatoi hukumu. Tukio nalo limetoka kwenye kutukia, yaani kutokea tu. Halidai kwamba limesababisha lolote. Ukiunganisha maneno hayo mawili unapata "siku hii palitokea hili, liangalie". Sababu ni dai, na dai linataka ushahidi ambao mstari wa wima hauna.

Chukua grafu ya wagonjwa wapya wa korona katika jimbo la Hubei, China, Februari 2020. Tarehe 11 walikuwa 1,638. Tarehe 12 wakawa 14,840. Nimeona mruko huo umeandikiwa "Maambukizi yalipuka", na macho yanakubali upesi, maana mstari umesimama wima kama nguzo. Lakini siku hiyo jimbo lilianza kuhesabu pia watu waliotambuliwa na madaktari kwa dalili na picha za mapafu, bila kungoja jibu la maabara. Hao walikuwa 13,332, na wengi walikuwa wagonjwa tangu siku za nyuma. Waondoe, wanabaki 1,508, pungufu kidogo ya jana yake. Kilichoruka ni namna ya kuhesabu.

Hapo dokezo halali ni fupi: "12 Feb: waliotambuliwa bila maabara waanza kuhesabiwa (13,332)". Lina tarehe, tendo na idadi. Angalia pia mhimili wako unafuata kalenda gani, kwa kuwa takwimu za tarehe 12 zilitangazwa tarehe 13. Kama grafu imepangwa kwa siku ya kutangazwa, alama inasogea nayo, la sivyo itasimama pembeni ya mruko inaoueleza. Na kwa kuwa siku chache baadaye utaratibu huo uliachwa, pale hesabu iliposhuka panadai alama yake pia. Wengi huisahau hiyo ya pili (kushuka hakumshtui mtu), halafu msomaji anadhani ugonjwa umekatika ghafla.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa "Maambukizi yalipuka", mstari wako wa wima uache ulipo, uko sahihi kabisa. Badilisha maneno tu.