Kiwango cha lugha katika maombi ya kazi: maana yake na namna ya kukitaja kwa ukweli

Kiwango cha lugha ni maelezo ya yale ambayo mtu anaweza kuyafanya kwa lugha fulani wakati anapoomba kazi, katika kusikiliza, kusoma, kuzungumza na kuandika. Hakipimwi kwa miaka aliyokaa darasani. Kwa kuwa stadi hizo nne hazikui kwa kasi moja, kuandika "vizuri sana" mbele ya jina la lugha humwachia mwajiri kazi ya kubahatisha.

Mizani inayotumika sana ni ile ya Baraza la Ulaya, iliyochapishwa mwaka 2001, yenye ngazi sita kuanzia A1 hadi C2. Mtu wa A2 hubadilishana taarifa rahisi kuhusu mambo ya kila siku. Wa B1 hujimudu katika hali nyingi za safarini na huweza kusimulia jambo lililomtokea. Wa B2 huzungumza na wenye lugha yao bila upande wowote kutaabika. Na wa C1 huitumia lugha kwa wepesi kazini na masomoni.

Tuchukue mfano wa karani wa kampuni ya wakala wa forodha jijini Dar es Salaam, anayeomba nafasi ya kuhudumia wateja wa Lubumbashi ambao mizigo yao hupitia bandari yetu. Wateja hao wengi wanajua Kiswahili, hivyo simu si tatizo kubwa, lakini barua na malalamiko yao huja kwa Kifaransa. Tuseme karani huyu ana cheti cha DELF, mtihani wa Kifaransa, cha ngazi ya B1, na kwamba sasa anahudhuria masomo ya B2. Kishawishi cha kuandika B2 ni kikubwa, ila anayesoma darasa la B2 bado hajaifikia ngazi hiyo, anaitafuta.

Cheti chenyewe nacho kinahitaji kusomwa kwa makini. Mtihani wa DELF una sehemu nne, kila moja ikiwa na alama 25, na mtahiniwa hufaulu akipata jumla ya 50 kati ya 100, mradi asipate chini ya 5 katika sehemu yoyote. Karani wetu alipata 19 katika kusoma, 14 katika kusikiliza, 12 katika kuzungumza na 9 katika kuandika, jumla 54. Amefaulu kihalali, lakini kuandika, ambako ndiko kazi anayoiomba inakoegemea, ndiko alikopata alama ndogo kuliko kote. Maelezo ya kweli yangekuwa hivi: "Kifaransa: cheti cha DELF B1, na mwaka wa kukipata, nasoma barua na ankara za wateja, majibu ninayoandika yanahitaji kuhakikiwa, ninaendelea na masomo ya B2." Kwa maoni yangu, maelezo hayo yana nguvu kuliko B2 tupu, kwa sababu msaili akimpa barua ya mteja na kumtaka aijibu papo hapo, atakachokiona kitalingana na alichokisoma.

Kwa Kiingereza, karani huyu hana cheti cha lugha, ingawa alikitumia katika masomo ya sekondari na chuo. Anaruhusiwa kujikadiria, alimradi aseme wazi kuwa ni makadirio yake mwenyewe: kusoma C1, kuandika B2, kuzungumza B2. Njia nzuri ya kujipima ni kuchukua barua halisi ya kazi, kuijibu bila kamusi wala msaada wa mtu, kisha kumpa anayeijua lugha hiyo vizuri aisahihishe.

Kiswahili ndicho kinachoandikwa kwa haraka kuliko lugha nyingine, na hapo waombaji wengi hujipunja au hujikweza bila kujua. "Lugha ya kwanza" hueleza mtu alivyoipata lugha, lakini haisemi kama anaweza kuandika muhtasari wa kikao au kutafsiri mkataba. Aliyejifunza taratibu za forodha kwa Kiingereza anaweza kukwama anapotakiwa kuzieleza kwa Kiswahili rasmi. Aandike basi kwamba ni lugha yake ya kwanza, na aongeze kazi aliyowahi kuifanya kwa lugha hiyo, kwa mfano kuandaa matangazo kwa wateja.

Fomu nyingine za mtandaoni hutoa kisanduku kimoja tu kwa kila lugha. Hapo achague ngazi ya ile stadi ambayo kazi inaitegemea zaidi, hata ikiwa ndiyo ya chini, kisha tofauti ya stadi nyingine aieleze katika barua ya maombi. Karani wetu, kwa uandishi ule wa alama 9, angechagua B1 bila kusita, na asingethubutu kugusa B2.