Kwa nini akili huwa nyepesi asubuhi ya saumu na nzito baada ya futari?

"Nikiwa nimefunga naelewa hesabu alfajiri, lakini usiku, nikiwa nimeshiba futari, nasoma ukurasa mmoja mara tatu na hauingii. Si ingekuwa kinyume chake? Na nipange vipi ratiba ya kudurusu mwezi huu?"

Sababu kubwa ni usingizi, si njaa. Masomo mazito yawekwe mara baada ya sala ya alfajiri, kazi nyepesi alasiri, na usiku baada ya tarawehe ubaki kuwa wa kulala.

Nilipokuwa kidato cha nne niliamini kinyume cha haya kwa moyo wote. Niliona kwamba ubongo unahitaji chakula, kwamba mchana wa Ramadhani hauna chakula, na kwamba kwa hiyo wakati wa kusoma ni usiku. Nikaweka kemia na hisabati zote kati ya saa 3 na saa 6 usiku, mwezi mzima, na matokeo ya mtihani wa mwisho wa muhula yakanionyesha nilichokuwa nimepoteza. Dhana hiyo imeenea sana katika nyumba zetu, na inafaa kuichambua taratibu, kwa sababu nusu yake ni kweli. Ubongo unahitaji sukari kila saa, usiku na mchana. Lililo kosa ni kudhani kwamba sukari hiyo hukatika pale mtu anapoacha kula.

Anayeishi Mombasa anajua jinsi maji ya mfereji yanavyokatika. Mfereji unaweza kukauka siku mbili, lakini nyumba yenye tangi juu ya paa huendelea kuoga na kupika, kwa sababu bomba la jikoni linapokea maji kutoka kwenye tangi, si moja kwa moja kutoka barabarani. Ini ndilo tangi hilo. Baada ya mlo kamili huhifadhi takriban gramu 100 za sukari iliyofungwafungwa kwa minyororo iitwayo glaikojeni, na chakula kinapokoma kuingia, kongosho hutoa homoni inayoliamuru ini kuifungua sukari hiyo na kuiachia kwenye damu kidogo kidogo. Ubongo wa mtu mzima hutumia takriban gramu 5 kwa saa.

Ramadhani inapoangukia mwishoni mwa Februari na mwanzoni mwa Machi, alfajiri ya Mombasa huingia karibu saa 11:15 na magharibi karibu saa 12:35, kwa hiyo saumu ni ya saa 13 na dakika kama 20. Ukizidisha utaona ubongo peke yake unahitaji gramu 67 hivi kwa muda huo. Tangi linatosha ubongo, ila si ubongo peke yake unaoteka, na hapo ndipo mfano wa nyumba za Mji wa Kale unaposaidia zaidi. Nyumba nyingi za zamani zina kisima chenye maji ya chumvichumvi. Maji matamu yanapokuwa machache, kisima hutumika kufulia na kusafishia, na maji ya tangi huachiwa wanywaji. Mwili nao hufanya hivyo: kadiri saa zinavyopita, misuli huacha kuteka sukari na kugeukia mafuta, ambayo ndiyo kisima, na sukari huachiwa ubongo na chembe nyekundu za damu. Wakati huohuo ini huanza kutengeneza sukari mpya kutokana na mabaki ya mafuta na protini. Ndiyo maana kijana mwenye afya anayepimwa sukari saa 10 jioni, akiwa amefunga, kwa kawaida hukutwa katika kiwango cha kawaida.

Mfano huu una mipaka miwili ambayo sipendi msomaji aipite. Wa kwanza ni maji yenyewe: mwili hauna tangi la maji. Miezi hiyo ya kaskazi ndiyo yenye joto kali zaidi pwani, na anayerudi shuleni kwa miguu jua likiwa kali hupungukiwa maji ambayo hawezi kuyarudisha hadi magharibi. Upungufu huo hugusa umakini na huleta maumivu ya kichwa. Wa pili ni ugonjwa wa kisukari, hasa kwa anayedunga insulini, kwa kuwa vali ya tangi lake haijiendeshi yenyewe. Huyo apange na daktari kabla ya mwezi kuandama. Akianza kutetemeka, kutoka jasho la baridi au kuchanganyikiwa, au kipimo kikishuka chini ya milimoli 3.9 kwa lita, anatakiwa kufungua hapo hapo.

Sasa, ikiwa sukari ipo, uzito wa usiku unatoka wapi? Tangu tunapoamka, kemikali iitwayo adenosini hujikusanya katika ubongo, na kadiri inavyozidi ndivyo hamu ya kulala inavyozidi. Ni kama hamali anayeongezewa gunia kila saa, na usingizi ndio mahali pekee pa kuyatua. Aliyeamkia daku saa 10 alfajiri huwa na magunia ya saa 17 anapofungua kitabu saa 3 usiku. Futari nayo huongeza: viazi vya nazi, mbaazi, mahamri, kaimati na sharubati vikiliwa kwa pamoja baada ya siku nzima hupandisha sukari kwa kasi, na sukari hiyo hunyamazisha baadhi ya seli za ubongo zinazotuweka macho. Watu husema damu yote imekimbilia tumboni ikauacha ubongo. Maelezo hayo hayasimami vizuri, kwa kuwa mwili huulinda mtiririko wa damu ya ubongo kuliko karibu kiungo kingine chochote.

Asubuhi magunia yametuliwa, daku imeingia, na mwili una maji. Hilo tu ndilo siri ya saa ile. Tafiti kuhusu saumu na akili kwa kweli hazikubaliani katika kila jambo. Baadhi zimeona umakini wa asubuhi ukibaki imara na kumbukumbu ya alasiri ikishuka, nyingine hazikuona tofauti kubwa. Tena ushauri uliotungwa kwa wanaofunga mbali na ikweta, ambako saumu huweza kuwa ya saa 17 au zaidi wakati wa kiangazi, haufai kuhamishwa kwetu mzimamzima. Mombasa iko digrii 4 tu kusini mwa ikweta, na urefu wa mchana mwaka mzima hautofautiani hata kwa nusu saa.

Mpwa wangu, aliye kidato cha nne na anayerudi nyumbani kila siku, alinijia mwaka jana na daftari mkononi akasema, "Mjomba, nasoma kwa muda wa saa tatu kila usiku na bado nakosea ishara za kutoa na kujumlisha." Ratiba yake ilikuwa ile yangu ya zamani: tarawehe, kitabu hadi saa 6 usiku, daku saa 10, kisha kulala tena baada ya sala hadi saa 12:30. Huo usingizi wa mwisho ulikuwa unamdhuru kwa namna ambayo hakuitambua. Mtu akiamshwa katikati ya usingizi mzito hubaki na mzubao unaoweza kudumu nusu saa au zaidi, na yeye alikuwa akiubeba hadi darasani.

Tulianza kupanga kutoka kwenye usingizi, si kutoka kwenye masomo. Alitoka tarawehe karibu saa 3, akajipa dakika 15 tu za kuandika bila kutazama kitabu yale aliyosoma alfajiri, na kufika saa 3:45 alikuwa kitandani. Aliamka saa 10:15, akapata saa sita na nusu mfululizo. Nilimkataza kuamka saa 8 au 9 usiku ili asome kabla ya daku, kwa sababu hapo joto la mwili liko chini na umakini pamoja nalo. Daku yake ilikuwa wali kidogo kwa maharagwe na yai, na maji aliyoyanywa taratibu kuanzia magharibi badala ya kuyagugumia yote dakika tano kabla ya adhana.

Baada ya sala, kuanzia saa 11:40 hadi saa 12:40, alikaa na hisabati au kemia, somo moja kwa siku, akianza na maswali asiyoyaweza. Saa moja inaonekana ndogo, lakini ilikuwa saa ya mtu aliye macho. Alasiri aliporudi saa 10 alilala dakika 20 kwa saa ya kengele, kwa kuwa usingizi mfupi kiasi hicho humtoa mtu kabla hajazama. Kisha alisahihisha kazi, akachora michoro ya biolojia na kujiuliza msamiati wa Kiswahili na Kiingereza hadi saa 11:30, alipokwenda jikoni kumsaidia mama yake. Jumamosi na Jumapili aliongeza kikao cha saa 3 hadi saa 5 asubuhi, na baada ya adhuhuri akalala saa moja na nusu, muda wa takriban mzunguko mmoja mzima wa usingizi. Hesabu ya usingizi wa siku za shule bado ilikuwa na pungufu, kwa maana kijana wa umri wake anahitaji saa 8 hadi 10.

Ili tujue kama ratiba inafanya kazi, hatukuuliza anajisikiaje, kwani aliyezoea kukosa usingizi huwa hajui tena kwamba amechoka. Kwa siku sita alifanya maswali kumi ya aina moja, siku tatu alfajiri na siku tatu saa 3:30 usiku. Alfajiri alikosa mawili au matatu, usiku alikosa matano hadi sita, na karibu makosa yote ya usiku yalikuwa ya ishara na kunakili tarakimu vibaya. Huyo ni msichana mmoja na siku sita tu. Mwenye saa tofauti ya mwili anaweza kupata jibu jingine, na ndiyo sababu ninapendekeza kila mmoja ajipime badala ya kunakili saa zetu.

Kumi la mwisho ratiba hiyo haikuweza kubaki, kwa kuwa alikuwa akisimama kwa sala ya usiku na usingizi wake ulikatika vipande viwili. Hatukulazimisha. Kikao cha alfajiri kilipungua hadi nusu saa, usingizi wa alasiri ukaongezwa kutoka dakika 20 hadi saa moja na nusu mara tu alipoingia nyumbani, na mada mpya zote za kemia zikasubiri hadi baada ya Idi.