Damu kwenye choo baada ya kuoga ziwani: kichocho ambacho kipimo cha mkojo kinaweza kukikosa

Hapa Lindi, ukitaja kichocho, mtu anamfikiria mtoto anayekojoa damu. Hakosei, kwa sababu kichocho kinachojulikana ukanda wetu wa pwani ni kile cha kibofu. Kile cha tumbo wanakijua zaidi watu wa Ziwa Victoria. Ndiyo maana mtu wa huku akitoka kanda ya ziwa na kuona damu kwenye choo, anadhani ni bawasiri, au ananunua vidonge vya amiba.

Chukua mfano wa kijana aliyekwenda Ukerewe kuvua dagaa kwa miezi minne. Kila jioni alioga ziwani. Vimelea vinavyotoka kwa konokono wa majini hupenya ngozi ndani ya dakika chache, hata isiyo na kidonda. Huenda aliwashwa kidogo, huenda hakuhisi kitu. Minyoo ikishakomaa hukaa kwenye mishipa ya damu ya utumbo na kutaga mayai yenye mwiba ubavuni. Mayai hayo hutoboa ukuta wa utumbo ili yatoke na choo, na hapo ndipo damu inapotokea. Mengine husombwa na damu hadi kwenye ini na kunasa huko.

Yote hayo huchukua wiki tano au zaidi. Aliyeoga Jumamosi akaona damu Jumatatu, damu hiyo ina sababu nyingine.

Kijana wetu alirudi nyumbani, akapimwa mkojo, akaambiwa hana kichocho. Mayai ya mnyoo huu hutafutwa kwenye choo. Alipopeleka choo, fundi wa maabara alipaka miligramu 41.7 kwenye kioo, akahesabu mayai saba. Ukizidisha kwa 24 unapata mayai 168 kwa gramu, maambukizi ya wastani. Mayai hayatoki kwa kiasi kilekile kila siku, hivyo jibu la "hayakuonekana" lirudiwe kwa choo cha siku nyingine.

Dawa ni prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito. Ana kilo 60, kwa hiyo ni miligramu 2,400, yaani vidonge vinne vya miligramu 600. Anywe baada ya kula, maana kwenye tumbo tupu kichefuchefu na kizunguzungu humsumbua mtu zaidi. Dawa hii huua minyoo mikubwa lakini haiwezi michanga, kwa hiyo aliyeoga ziwani hivi karibuni huhitaji dozi nyingine baada ya wiki nne hadi sita.

Damu ikiendelea baada ya hapo na choo hakina mayai, daktari achunguze utumbo wenyewe. Anayetapika damu, au ambaye tumbo limejaa maji na bandama limevimba, aende hospitali siku hiyohiyo: ini lake limeshaathirika, na vidonge peke yake havitamtosha.